Jina lako kwenye Google: linki ya zamani inaondolewa namna gani, na nani anaweza kuiondoa?

Tangu mwaka 2015, wakati Warundi walipoanza kupokelewa ku kambi ya Lusenda, waandishi wa habari na mashirika wamepita huko wengi. Walipiga picha, wakaandika majina, kilima mtu alikotoka, sababu iliyomkimbiza. Wakati ule wengi walikubali bila kujiuliza sana, maana aliyekuwa na simu ya intaneti kambini alikuwa mmoja mmoja. Leo simu hizo ziko kila pahali, toka Baraka mpaka Bujumbura. Kuna waliorudi kwao, kuna wenye wanajitayarisha kurudi, na kuna Wakongomani wa Fizi ambao nao majina yao yalibaki kwenye makaratasi ya zamani ya vita na ukimbizi. Mtu akiandika jina lao kwenye Google, habari ya miaka kumi inatoka kama vile ilitokea jana.

Swali linalofuata ni kama mtu anaweza kuomba Google iondoe linki hiyo. Jibu ni ndiyo, lakini wengi wanagonga mlango usiofaa, wanakataliwa, wanaacha.

Kwanza kuna jambo moja la kuelewa. Google haiandiki habari hizo. Iko kama mtu anayesimama sokoni na kuonyesha kwa kidole: habari unayotafuta iko kwenye duka lile. Ukiomba Google iondoe linki, unaomba kidole kishuke. Duka linabaki, na bidhaa iko ndani. Kwa hiyo kabla ya kuomba lolote, fungua linki yenyewe uone: je, habari yako bado iko kwenye ukurasa, ao ilikwisha kuondolewa na Google ndiyo haijajua? Kila kitu kinategemea jibu hilo.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja mkimbizi alizungumza na shirika fulani mwaka 2016. Ukurasa ulitoka na jina lake lote, komine yake, picha yake akiwa na mtoto. Shirika lingine likaweka kwenye tovuti yake orodha ya PDF ya wanamemba wa kamati, na namba ya simu yake iko ndani. Sasa anataka kurudi nyumbani, na hapendi jirani asome kule aliyoyasema juu ya wale waliomfukuza.

Kazi yake ya kwanza ni kujitafuta vizuri. Anaandika jina lake ndani ya alama za kunukuu, halafu anageuza mpangilio, maana kwetu mwingine anaanza na jina la ukoo, mwingine na la ubatizo. Anajaribu pia maandishi yenye makosa, kwa sababu waandishi wageni wanachanganya L na R kila mara. Mwisho anatafuta namba yake ya simu, mara moja ikianza na 0, mara moja ikianza na +243. Kila linki anaifungua na kunakili anwani iliyo juu kabisa ya ukurasa. Hapa ndipo makosa mengi yanaanza: watu wananakili anwani ya utafutaji wa Google yenyewe, na ombi linaanguka.

Kisha anaandikia mwenye tovuti. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu wanaona mashirika ni makubwa. Lakini yeye tu ndiye anaweza kufuta habari kwenye shina lake. Imeli fupi inatosha: anwani ya ukurasa, maneno gani yaondolewe, na sababu ya usalama. Si lazima kuomba ukurasa wote ufutwe. Kuomba jina libadilishwe na picha iondolewe kunakubalika kwa urahisi zaidi, kwa sababu shirika linabaki na habari yake. Ikiwa ukurasa ni wa HCR, mkimbizi ana pa kusimamia: HCR iliweka mwaka 2015 kanuni zake za kulinda habari za watu inaowahudumia, ikazifanya upya mwaka 2022, na ndani yake mtu anaweza kuomba habari yake isahihishwe ao ifutwe. Kwa upande wa serikali yetu, kodi ya dijitali, yaani sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inatambua haki ya mtu juu ya habari zake binafsi. Kuitaja kwenye barua hakugharimu kitu.

Tuseme shirika la kwanza linakubali. Jina limebadilishwa, picha imetolewa. Siku mbili baadaye mama anatafuta tena, na Google bado inaonyesha jina lake kwenye ile mistari midogo chini ya linki. Wengi hapa wanafikiri shirika liliwadanganya. Sivyo. Google inapita kwenye kila ukurasa kwa zamu yake, na ukurasa ambao hausomwi sana unaweza kungoja wiki nyingi. Mistari ile ni kumbukumbu ya safari yake ya mwisho.

Kwa hali hii Google ina chombo chake, kinaitwa Refresh Outdated Content, na kiko kwenye anwani hii:

```
https://search.google.com/search-console/remove-outdated-content
```

Mtu yeyote mwenye akaunti ya Google anaweza kukitumia, hata kama tovuti si yake, na hakilipiwi hata franka moja. Unaweka anwani ya ukurasa. Kama ukurasa ulifutwa kabisa, Google inajionea yenyewe na kupokea ombi. Kama ukurasa upo lakini umebadilika, inakuomba neno ambalo lilikuwepo zamani na sasa halipo tena.

Neno hilo ndilo linaangusha watu. Mama wetu akiandika « Lusenda », atakataliwa, kwa sababu ukurasa bado unaongea juu ya Lusenda. Akiandika jina lake la ubatizo, na mtu mwingine kwenye ukurasa huohuo ana jina hilo, atakataliwa pia. Inafaa achague neno ambalo lilikuwa lake peke yake, mara nyingi jina la ukoo, na kabla ya kutuma autafute ukurasa wote kuona kama kweli limetoka, hata chini ya picha. Picha nayo ina ombi lake mbali, kwenye sehemu ya picha ya chombo hichohicho. Baadaye anarudi palepale kuangalia jibu: Pending maana yake ombi linangoja, Approved limekubaliwa, Denied limekataliwa. Ombi likikubaliwa kwa ukurasa uliobadilika, ile mistari ya zamani inaondoka, lakini linki yenyewe inaweza kuendelea kuonekana. Hiyo haina hatari, kwa sababu anayeifungua hakuti jina.

Sasa ile PDF. Shirika la pili halijibu, pengine mradi ulikwisha na ofisi imefungwa, lakini tovuti bado iko hewani. Kile chombo cha kwanza hakina faida hapa, maana hakuna kilichobadilika. Mlango ni mwingine: ombi la kuondoa habari binafsi, ambalo liko kwenye kurasa za msaada za Google. Tangu Aprili 2022, Google inapokea maombi juu ya namba ya simu, imeli na anwani ya nyumbani. Kabla ya hapo ilikuwa tayari inapokea juu ya namba ya kitambulisho, akaunti ya benki, sahihi ya mkono na karatasi za hospitali. Namba ya simu ya mama iko kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ana nafasi. Ikiwa Google inaona ukurasa una faida nyingine kwa watu wote, inaweza kuacha linki ionekane kwa utafutaji mwingine na kuificha tu wakati mtu anatafuta kwa jina lake. Ikiwa ni ukurasa rasmi wa serikali, mara nyingi inakataa.

Angalia vizuri kile ambacho hakiko kwenye orodha hiyo: jina la mtu na hadithi ya maisha yake. Hapo ndipo mkimbizi anaumia zaidi, na hapo Google haijafungua mlango kwa mtu wa Fizi. Kuna njia moja tu ya pembeni, na ni ya watoto: tangu Oktoba 2021, mtu ambaye hajafikisha miaka 18, ao mzazi wake, anaweza kuomba picha ya mtoto iondolewe kwenye utafutaji. Kama mtoto wa kwenye picha bado ni mdogo, mama ana haki ya kuomba.

Mtu wa Ulaya yeye ana mlango mpana zaidi. Tarehe 13 Mei 2014, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Mhispania Mario Costeja González. Gazeti la La Vanguardia lilikuwa limetangaza mwaka 1998 mnada wa mali yake kwa sababu ya deni. Deni lilikwisha, lakini Google iliendelea kuonyesha tangazo. Mahakama ilisema Google ina wajibu wa kuondoa linki ambazo hazina maana tena wakati mtu anatafutwa kwa jina lake, hata kama gazeti linabaki na ukurasa wake. (Costeja mwenyewe alishinda, na jina lake sasa linajulikana dunia nzima pamoja na lile deni.)

Kwa hiyo familia zingine za hapa zinafikiria kumtuma ndugu aliye Ubelgiji ao Ufaransa. Ndugu huyo anaweza kweli kuomba, lakini kwa jina lake yeye, na kuna mpaka. Septemba 24, 2019, mahakama ileile iliamua kwamba sheria ya Ulaya haiilazimishi Google kuondoa linki dunia nzima, ila tu kwa wanaotafuta wakiwa katika nchi za Umoja huo. Kaka wa Brussels anaweza kujitafuta na kukuta hakuna kitu, wakati mtu wa Baraka anaandika jina hilohilo na kusoma yote. Mwenye kumwogopa jirani wa Brussels amepona. Mwenye kumwogopa jirani wa kijijini hajapata kitu.

Ndiyo maana kwa mkaaji wa hapa, imeli kwa mwenye tovuti ina nguvu kuliko fomu ya Google. Habari ikitoka kwenye shina, hakuna nchi itakayoiona pale tena, na Bing na wengine nao watafuata, kila mmoja kwa wakati wake. Lakini kama tovuti nyingine ilinakili habari ileile, hiyo ni anwani mpya na ombi jipya. Facebook na vikundi vya WhatsApp haviingii katika mambo haya, Google haina funguo yao.

Siku hizi kuna vijana wanaopokea dola kwa kuahidi « kusafisha jina » kwenye Google. Kile wanachofanya ni fomu zilezile ambazo ni za bure. Anayesaidiwa kwenye saiba afungue akaunti yake mwenyewe, aifunge kabla ya kutoka, na asiache picha ya karata yake ya ukimbizi kwenye mashine ya watu.