Namba ya mteja katika kaye: muuzaji anaweza kuifanyia nini?

Mama mmoja anakuja kwenye kabini, Kasongo ao Kabambare, kutoa pesa kwa simu. Wanaandika katika kaye jina lake, namba ya simu na kiasi cha pesa. Kisha mwezi moja, mesaji inaingia: sabuni imefika dukani fulani. Mama hajanunua kamwe pale. Namba ilitoka wapi?

Mara nyingi hakuna mwizi. Mwenye kabini alipiga kaye picha, akamtumia rafiki mwenye duka. Kwake ni kusaidiana tu. Kwa sheria, ni kosa.

Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo iko na Kode ya Numeriki, amri-sheria namba 23/010. Inasema habari za mtu zinakusanywa kwa kazi inayojulikana, hazipelekwi kwa kazi ingine isiyopatana na ile ya kwanza, wala hazichungwi kupita wakati unaohitajika. Mama alitoa namba juu ya kupata pesa yake. Hakuitoa juu ya sabuni.

Tuchukue muuzaji wa vitenge anayekopesha. Anaweza kuandika jina, namba, deni na siku ya kulipa, sababu bila ile hawezi kufuata deni. Lakini kupiga picha kadi ya uchaguzi ni jambo lingine. Kwetu kadi ile ndiyo kitambulisho: iko na tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na makao. Deni la kitenge halihitaji yote hayo.

Na kama anataka kutangaza vitenge vipya? Aulize peke yake: "Mama, nikutumie mesaji bei ikibadilika?" Jibu la ndiyo, aweke alama na tarehe kando ya jina. Kunyamaza si ndiyo. Kukubali deni pia si kukubali matangazo. Na mteja akisema basi, jina linatoka kwenye liste.

Hatari inaonekana zaidi kwenye mikopo ya simu. Kenya, mwezi wa Septemba 2023, ofisi ya kulinda data iliipiga kampuni Mulla Pride, yenye aplikasyo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Ilitumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, kisha ikatuma mesaji na kupiga simu za vitisho. Watu wakatishwa juu ya namba ambazo hawakutoa wenyewe.

Kwetu kaye ni ya karatasi, lakini njia ni ile ile. Basi deni likiisha, muuzaji akate jina na namba vizuri, zisisomeke tena. Na wewe mteja, ukipata mesaji usiyoijua, uliza kwanza: "Namba yangu mliipata kwa nani?" Muuzaji aliyekuomba ruhusa atakumbuka siku. Asiyeomba, hatakuwa na jibu.