Jamanat, Zamanat, Dhamana: Neno Moja, Maandishi Mawili

Tarehe 15 Aprili 2025, Mahakama ya Juu Kabisa ya India ilitupilia mbali rufaa iliyotaka Kiurdu kiondolewe kwenye kibao cha jengo la halmashauri ya mji wa Patur, wilayani Akola, jimbo la Maharashtra. Kibao hicho kiliandikwa kwa Kimarathi, na chini yake kwa Kiurdu. Majaji Sudhanshu Dhulia na K. Vinod Chandran walieleza kwamba lugha si dini, na kwamba Kiurdu kilizaliwa katika ardhi ya India. Walikumbusha pia kuwa mahakama za nchi hiyo zenyewe zimejaa msamiati unaonasibishwa na Kiurdu, kama vile adalat, yaani mahakama, na halafnama, yaani hati ya kiapo.

Hukumu hiyo inamgusa mfasiri wa Kiswahili kwa namna yake. Habari za mahakama za India humfikia kwa Kihindi, kinachoandikwa kwa Kidevanagari, au kwa Kiurdu, kinachoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi. Katika mazungumzo ya kila siku, neno huwa ni lile lile. Kwenye karatasi, kila maandishi huhifadhi sehemu moja ya neno na kuipoteza nyingine.

Tuchukue neno linalojitokeza karibu kila siku katika habari za kesi. Magazeti ya Kihindi huandika जमानत, na anayesoma herufi kwa herufi hupata jamanat. Kwa usahihi herufi ya kwanza ingepaswa kuwekewa nukta chini yake, ikawa ज़मानत, zamanat. Lakini wapigachapa wengi huiacha nukta hiyo. Kiurdu huandika ضمانت. Nacho hutamka z, ila herufi yake ya kwanza ni ض ya Kiarabu, ile ile ambayo Kiswahili huitamka dh katika kadhi, ridhaa na dhaifu. Basi neno linajifunua lenyewe: ni dhamana. Maana nayo inakubali, kwa kuwa mshtakiwa huachiwa kwa zamanat kama huku anavyoachiwa kwa dhamana. Hakuna haja ya kubuni neno wala kuandika jamanati kana kwamba ni jambo geni.

Hatari huonekana zaidi maneno hayo yanapoandikwa kwa herufi za Kirumi. Zamin huweza kuwa maneno mawili. La kwanza ni ardhi: Kiurdu زمین, Kihindi ज़मीन. La pili ni mdhamini: Kiurdu ضامن, Kihindi ज़ामिन. Kiurdu huyatenganisha kwa konsonanti, ز na ض. Kihindi huyatenganisha kwa irabu: katika ardhi, a ni fupi na i ni ndefu, katika mdhamini, kinyume chake. Herufi za Kirumi zisizo na alama hufuta tofauti zote mbili. Mfasiri asiyerudi kwenye maandishi ya asili anaweza kuandika kwamba mahakama imeita ardhi ya mshtakiwa, ilhali aliyeitwa ni mtu aliyemwekea dhamana, ambaye huenda akapoteza mali yake mshtakiwa akitoroka.

Kwa hiyo ni vyema kuyasoma maandishi yote mawili pamoja. Kidevanagari huonyesha irabu, ambazo Kiurdu kwa kawaida huziacha zikiwa fupi. Kiurdu huonyesha konsonanti ya asili, ambayo Kidevanagari huificha nukta inapokosekana. Konsonanti hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye neno la Kiswahili lililokwisha kufika pwani kwa njia ya Kiarabu. Ndivyo vakil anavyokuwa wakili, na qazi anavyokuwa kadhi.

Hata hivyo, undugu wa maneno hauthibitishi usawa wa maana. Adalat inatokana na shina lililotupa adili na uadilifu, lakini tafsiri yake ni mahakama. Halaf ya halafnama, iliyoandikwa kwa ح isiyo na nukta, ni kiapo. Haihusiani na uhalifu wetu, uliotokana na خ yenye nukta juu, ingawa Kiswahili huziandika zote mbili kwa h. Gharib, kwa Kihindi na Kiurdu, ni maskini. Gharibu wa Kiswahili ni mgeni. Atakayeandika kwamba serikali ya India imetoa msaada kwa magharibu atakuwa amezipatia herufi zote na kuwakosa watu wenyewe.

Herufi, basi, humwongoza mfasiri kwenye asili ya neno. Maana lazima aithibitishe kwa sentensi aliyo nayo: ni nani aliyeitwa, alitakiwa afanye nini, na mbele ya nani.