Ndoto ya Arusi na Neno la Mchana



Katika vikundi vyetu na katika mikutano ya jumuiya hai, swali moja hurudi mara kwa mara: nimeota arusi, maana yake nini? Anayeuliza huenda ni msichana ambaye hajachumbiwa, au mama aliyekaa na mume wake miaka ishirini. Na jibu analopewa mara nyingi ni la kutisha. Wengine humwambia kwamba arusi ya ndotoni ni msiba ulio njiani, kwa kuwa arusi na matanga hukusanya watu wale wale. Wengine humwambia kwamba amekwisha kuolewa na mume wa usiku, yaani roho anayemzuia asipate mwenzi wa kweli au asikae kwa amani na aliye naye, na kwamba atafute wa kumwombea, pengine kwa malipo.

Sisi tunaona kwamba majibu haya yanapita kando ya jambo lenyewe. Ndoto ya arusi haitabiri arusi, wala haitabiri kifo. Mara nyingi inaonyesha tu mahali ambapo moyo umesimama mbele ya ahadi: umeitamani, umeiogopa, au umeiacha nusu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba ndoto nyingi zina asili ndani ya mtu mwenyewe: mawazo aliyoyashughulikia akiwa macho, au hali ya mwili wake. Watafiti wa usingizi wa siku zetu nao wanaona kwamba ndoto huendeleza mahangaiko ya mchana. Anayeshonewa nguo za arusi ya dada yake wiki nzima, asishangae akijiona usiku amevaa nguo hizo.

Lakini, mtasema, je, Mungu hakusema na Yosefu kwa ndoto, tena katika jambo la ndoa? Alisema naye. Basi tuisome habari hiyo polepole, katika sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, kwa sababu inafanana na maisha yetu kuliko tunavyodhani.

Kwa desturi ya Wayahudi, ndoa ilikuwa na hatua mbili. Kwanza mwanamume na mwanamke waliposwa mbele ya watu, na toka siku ile waliitwa mume na mke. Kuvunja uhusiano huo kulihitaji hati ya talaka. Baadaye, pengine baada ya miezi mingi, mume alimchukua mke nyumbani kwake. Ndoto ya Yosefu ilimjia katikati ya hatua hizo mbili: ahadi ilikuwa imetolewa, nyumba ilikuwa bado. Vijana wa Isangi wanaifahamu vizuri nafasi hiyo. Barua ya kuomba uchumba imepelekwa, sehemu ya mahari imepokewa, familia mbili zinaitana shemeji, lakini bado hakuna aliyesimama mbele ya mwandishi wa serikali wala mbele ya altare.

Angalieni mambo matatu katika ndoto ile. La kwanza, Yosefu hakuanza kufikiri usingizini. Alikuwa amekwisha kupima jambo akiwa macho, na alikuwa amekusudia kumwacha Maria kwa siri ili asimwaibishe. La pili, ndoto haikumchagulia mke; ilimwambia asiogope kumchukua yule ambaye alikuwa amekwisha kumwahidi. La tatu, alipoamka alitenda. Hakuzunguka kijijini akisimulia maono yake, na hakumtaka Maria akubali lolote kwa sababu ya maono hayo. Alitimiza wajibu wake mwenyewe. Hivyo hata ndoto iliyotoka kwa Mungu kweli haikuchukua nafasi ya hiari ya mtu. Ilimwondolea hofu, ikamrudishia neno lake.

Kwa kipimo hicho tuangalie kwanza ndoto ya asiyeoa au asiyeolewa. Tunasikia katika vikundi vya sala kijana akimwendea msichana na kumwambia: Bwana amenionyesha katika ndoto kwamba wewe ndiwe mke wangu. Msichana anashikwa na hofu. Akikataa, je, atakuwa amemkataa Mungu? Tuseme wazi: hapana. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1057, inafundisha kwamba ndoa huzaliwa na ridhaa ya hao wawili, na kwamba hakuna uwezo wowote wa kibinadamu unaoweza kuijaza nafasi ya ridhaa hiyo. Kama askofu hawezi, kama baba mzazi hawezi, ndoto ya jirani itawezaje? Tena kanuni ya 1103 inasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa itokayo nje ya mtu si halali. Kijana aliyeota anaweza kusema, ‘Ninakupenda, naomba tufahamiane.’ Maneno hayo yanamwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Maneno ‘Mungu amenionyesha’ yanamfungia mlango.

Na msichana anayejiota yeye mwenyewe akiwa bibi arusi, asijione amerogwa wala asijione ameahidiwa. Ajiulize ni nini hasa kilichokuwa kikubwa katika ndoto ile. Yawezekana aliona vazi, ngoma na wageni, lakini bwana arusi hakuwa na uso. Hapo pengine anatamani kuheshimiwa na watu wake, na tamaa hiyo si mbaya, ila haitoshi kujenga nyumba. Yawezekana alikuwa akikimbia, au amefika kanisani bila viatu. Hapo pengine kuna ahadi nyingine ya mchana inayomtisha: masomo, kazi, hata wito wa utawa. Arusi ni picha ya kila neno lisilorudishwa nyuma, na usingizi huazima picha tunazozijua.

Kuna kundi la pili ambalo husahauliwa, nalo lina watu wengi katika parokia zetu: wale waliokaa pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa kanisani. Tuchukue mfano. Mume na mke wana watoto watano. Yeye husafirisha mihogo na samaki kwa mtumbwi hadi Kisangani. Mke ana shamba ng'ambo ya Lomami. Mahari ilitolewa nusu: fedha kidogo, mbuzi mmoja, vitenge. Mbuzi wa pili hakufika, kisha watoto wakaanza kuzaliwa. Sasa mama anaota mara kwa mara kwamba yuko katika arusi yake, wageni wamefika, lakini padri haonekani. Anaambiwa ni mume wa usiku. Lakini je, yahitajika roho yeyote kuieleza ndoto hiyo? Kila Dominika mama huyu hubaki katika benchi wakati wengine wakienda kupokea Komunyo. Ndoto yake inasema waziwazi jambo ambalo mchana nyumbani hakuna anayethubutu kulitamka.

Dawa ya ndoto kama hiyo ni mazungumzo na hatua zinazojulikana. Wengi huahirisha wakidhani kwamba lazima mahari yote iishe kwanza, kisha pawe na karamu. Lakini Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai mahari na papo hapo inakubali ndoa ifungwe ikiwa angalau sehemu yake imekwisha kutolewa. Kwa upande wa Kanisa, kinachotakiwa ni wawili walio huru kuoana, cheti cha ubatizo, mafundisho, matangazo, padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Bia, ukumbi na sare za vitenge havimo katika orodha hiyo. Basi mume na mke wa mfano wetu waanze kwa wakwe, waombe deni la mbuzi lisemwe wazi: lisamehewe au lipangiwe siku. Kisha waende kwa padri. Baba akiogopa kwenda, hapo ndipo swali la kweli linapotokea: je, anakosa mbuzi, au anaogopa kusema ‘mpaka kifo’? Kukosa mbuzi kunaweza kungoja bila dhambi ya mtu. Hofu ya pili lazima itajwe, kwa kuwa mwenzake ana haki ya kuijua.

Kundi la tatu ni waliofunga ndoa zamani, kisha wanaota wanaolewa upya, pengine na mtu mwingine. Wengi hunyamaza kwa aibu. Wajue kwamba usingizini hakuna ridhaa ya hiari, na pasipo ridhaa hakuna dhambi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alisikitikia picha zilizomjia usingizini, lakini alitofautisha yeye aliyelala na yeye aliye macho. Hatari iko asubuhi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya vijana wa chuo kikuu waliokuwa na wapenzi, walioandika ndoto zao kwa majuma mawili. Walioota wanagombana na wapenzi wao walielekea kugombana nao kweli siku iliyofuata. Pengine mtu aliamka na hasira ya ndotoni akamlipiza mwenzake ambaye hakufanya lolote. Kwa hiyo tusimshtaki mume au mke kwa kosa alilolitenda ndani ya usingizi wetu.

Lakini tusiitupe ndoto hiyo pia. Mara nyingine mtu wa miaka ishirini ya ndoa huota arusi kwa kuwa ile ahadi ya kwanza imefunikwa na ada za shule, homa na kazi. Hamtamani mtu mwingine. Anatamani kutazamwa tena kama siku ile. Huyo amwambie mwenzake, ‘Nimeikumbuka siku yetu.’ Hiyo ni njia fupi kuliko kumtafuta mfasiri.

Tunakubali kwamba ndoto nyingine hazina maana yoyote, na kwamba mtu anayesumbuliwa kila usiku hata kukosa usingizi anahitaji kuonana na mganga wa hospitali pamoja na padri wake. Yoshua bin Sira aliwaonya watu wa kale wasiiweke mioyo yao juu ya ndoto, isipokuwa imetumwa na Aliye Juu. Nayo iliyotumwa kwa Yosefu tumeiona: ilimwondolea hofu, ikamwachia uhuru wake, ikampeleka kutimiza neno alilokuwa amelitoa mchana. Ndoto inayotutia hofu, inayomnyima mwingine hiari yake, au inayotudai fedha, tuiache kitandani.