Barua ya Msikiti na Video ya Mazishi

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, pembeni mwa Ngome ya Yesu, mwosha maiti hasimulii alichokiona. Hiyo ni amana. Video ya mazishi inapozagaa katika WhatsApp, sitara hiyo huvunjika, na kamati ya msikiti hulazimika kuwaandikia waumini.

Hata hivyo, barua isemayo “futeni” pekee haitoshi. Aliyeituma video ana muda wa zaidi kidogo ya siku 2 kuifuta kwa wote. Muda ukipita, ataondoa nakala yake tu. Hata akiwahi, zilizokwisha kupelekwa kwingine husalia. Kwa hiyo barua isomwe baada ya sala iliyo karibu, isingoje Ijumaa. Iwaombe wapokeaji waifute katika mazungumzo, kisha katika hifadhi ya picha za simu pamoja na pipa lake la taka, na wamwarifu kila mtu waliyempelekea.

Isimtaje marehemu wala isieleze kilichoonekana, kwani maelezo huwaamshia hamu wasioitazama. Kamati haiwezi kuthibitisha kwamba nakala zote zimefutika. Ndiyo maana ombi limwelekee kila mwenye simu, kama amana ilivyomwelekea mwosha.