Aliyeshinda mnada ndiye aliyeumia

Juzi nilipita Katangi, kule Machakos, nikaketi na mzee mmoja mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani. Aliwahi kununua kontena kwenye mnada. “Mwanangu,” akaniambia, “niliwashinda wote, na mpaka leo sijarudisha pesa zangu.”

Sisi wa Mombasa twaijua minada hii. Mzigo ukikaa bandarini Kilindini kupita muda wa sheria bila kutolewa, forodha hutoa ilani kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha huuza. Mnunuzi hutazama, kisha hukadiria. Mzigo wauzwa jinsi ulivyo.

Mzee hakudanganywa na mtu. Shida iko kwenye hesabu yenyewe, na wachumi wanaiita laana ya mshindi.

Tuseme kontena la vyombo thamani yake sokoni ni shilingi 1,000,000, ila hakuna aijuaye. Wanunuzi watano wanakadiria: 800,000, 900,000, 1,000,000, 1,100,000 na 1,200,000. Ukichukua wastani, wamepatia barabara. Lakini mnada haumpi mzigo mtu wa wastani. Humpa aliyekosea zaidi kwa kwenda juu. Kila mtu akishikilia makadirio yake, wa nne ataacha kwenye 1,100,000, na wa tano atachukua kwa bei hiyo na zaidi kidogo. Hasara ni kama 100,000, kabla ya lori la kwenda Katangi.

Waliogundua jambo hili walikuwa wahandisi watatu wa mafuta Marekani, Capen, Clapp na Campbell, mwaka 1971. Waliona kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya Ghuba ya Meksiko zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia.

Dawa yake ni kupunguza kabla ya kuingia. Jiulize: nikishinda, maana yake ni kwamba wote hawa wameuona mzigo huu hauna thamani niliyoiona mimi. Wanunuzi wakiwa wengi, punguza zaidi. Kama makosa ya kila mmoja yaweza kufika 300,000 juu au chini, kwa usawa, basi kadirio kubwa kati ya wawili huzidi thamani kwa wastani wa 100,000. Kati ya watano huzidi kwa 200,000, na kati ya kumi na mmoja, 250,000. Watu wengi hufanya kinyume: wakiona umati, wanapandisha.

Laana hii hupungua pale thamani inapotoka kwako mwenyewe, mathalani una hoteli inayotaka sahani zile zile. Na kwenye mnada wa wazi, angalia wazoefu wanaachia wapi. Ukibaki peke yako mapema, hiyo ni habari.

Nilimuuliza mzee siku ile walikuwa wanunuzi wangapi. Akacheka kidogo. “Ukumbi ulijaa. Ndiyo maana nikadhani ni mali.”