BARUA ILIYORUDISHWA



Mwezi uliopita tuliletewa barua ya kutangaza nafasi za kujifunza udereva wa treni, nasi tukaombwa tuifikishe Suna ili wanawake nao waombe. Ombi ni jema. Lakini reli haifiki Suna. Yeye hutazama Kisumu, ambako njia ilifika ziwani mwaka 1901. Binti wa kule ataijua kazi hii kwa barua tu.

Barua yenyewe ilianza hivi: "Tunatafuta dada mmoja jasiri, awe wa kwanza kwetu." Tuliirudisha. "Mmoja" maana yake akishapatikana huyo, mlango unafungwa, naye atakaa pale kama pambo. "Jasiri" ni neno la kutisha bure. Dereva hutakiwa macho yanayotenganisha taa nyekundu na kijani, kushika kanuni, na kukesha bila kusinzia. Tena tarehe 31 Mei 2017 Bibi Concilia Owire, aliyefunzwa China, aliendesha treni iliyomchukua Rais Kenyatta kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Basi "wa kwanza" si habari ya kumvuta mtu.

Tuliandika upya, tukimwelekea fundi wa kike aliyesomea injini:

"Tunakuandikia kwa sababu umesomea injini za dizeli. Kazi ni kupanda na kushuka injini kwa ngazi, kufunga mipira ya hewa ya breki, kukaza breki ya mkono, na kusafiri usiku. Mtihani wa macho, wa kanuni na wa kazi hizo ni mmoja kwa wote, wanaume na wanawake. Mshahara wa mwanafunzi ni huu, na wa dereva ni huu. Mahali pa kulala safarini, na choo, ni hapa."

Mishahara tumeacha wazi, ofisi ijaze. Isipojaza, hatuipeleki.

Bwana mmoja alicheka juu ya choo. Yeye hushuka popote treni inaposimama. Lakini mwanamke husoma hapo kwanza, kwani hapo ndipo anapojua kama alifikiriwa au aliitwa tu. Kama chumba cha kulala hakijatengwa, barua iseme hivyo na iseme kitatengwa lini. Akifika akute vingine, ataondoka, na watu watasema wanawake hawaiwezi kazi.

Wengine waliuliza, je, kuwaita wanawake si upendeleo? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kubagua kwa jinsia au kwa mimba, na inaagiza malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa; lakini inaruhusu hatua za kuleta usawa. Kumfikishia mtu habari ni hatua ya namna hiyo. Kumpunguzia alama za mtihani sisi hatukubali, kwa maana wenzake hawatamwamini kamwe akishika breki. Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili, nayo tumeitaja chini ya barua.

Barua ikirudi imejazwa, itasomwa sokoni na makanisani, si kubandikwa ofisini tu. Mwenye binti au mke aliyesomea ufundi amwambie aweke tayari vyeti vyake.

Mhariri