Kamera na Fagia: Nani Apimaye Heshima ya Shati?

Juma moja kabla hatujatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha, nilimsikia mwanafunzi mwenzetu, tena wa Kiswahili, akimwambia mwenziwe kuhusu kijana aliyekuwa akipita: "Achana naye, huyo ni fagia tu." Waliangua kicheko. Kijana yule alikuwa amevaa shati safi, lililopigwa pasi barabara, ila kola yake ilikuwa imechanika ukingoni. Sikucheka, kwa kuwa shati nililovaa siku hiyo nilikuwa nimelitoa kwenye fagia vilevile. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: langu lilikuwa limepita kwa fundi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuinama juu ya turubai katika soko la Jamhuri mjini Thika, au kando ya kituo cha magari cha Ruiru jioni watu watokapo kazini, maneno hayo mawili yanahitaji ufafanuzi. Nguo za mitumba hufika zikiwa zimefungwa katika robota, ambalo wachuuzi wenyewe huliita belo. Kwa kawaida robota moja huwa na uzito wa kilo 45. Tukikadiria kwamba shati moja lina gramu 250, basi mchuuzi hununua mashati yapatayo 180 kwa mkupuo mmoja, mara nyingi kutoka Gikomba, bila ya kuyaona. Kamba zikatwapo, huchambua upesi. Yale yanayovutia macho huyatenga: hayo ndiyo kamera. Huyapiga pasi, huyatundika kwenye viango na kuyauza kwa bei ya juu, maana humo ndimo anamotarajia kurudisha mtaji wake. Yanayofuata hushuka bei kadiri siku zinavyopita. Mwishowe masalio humwagwa chini, nayo hunadiwa kwa shilingi 50 au hata chini ya hapo. Hayo ndiyo fagia.

Hapa ndipo nilipo na neno la kusema. Kamera si jina la ubora wa nguo, bali ni jina la zamu ya kuchaguliwa. Mchuuzi mwenye mashati 180 mbele yake hana nafasi ya kuchunguza kila mshono. Hutazama lebo, rangi, mtindo na kola, kisha mkono wake huenda kwa lingine. Sisi wanunuzi tumeichukua hukumu hiyo ya sekunde chache tukaifanya kipimo cha utu. Zamani aibu ilikuwa katika neno mtumba lenyewe. Biashara hii ilipopanuka baada ya soko kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu kila mtu akawa mvaaji, na aibu ikalazimika kutafuta makao mapya. Leo hii, hapa Thika, mji wenye kiwanda chake cha nguo, shati jipya la bei nafuu kutoka dukani linaweza kudharauliwa mbele ya shati la kamera lililokwisha kuvaliwa na mtu ughaibuni. Upya si hoja tena. Linaloulizwa ni: "Hiyo ni kamera?"

Nami niliwahi kuliuliza swali hilo, na jibu lake likanigharimu. Nilipojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, nilitumia shilingi 700, sehemu kubwa ya fedha zangu za chakula za juma hilo, kununua shati jeupe lililotundikwa. Kola ilikuwa imesimama, na lebo ilikuwa ya jina linalotajwa kwa sauti. Juma la tatu, nilipoinua mkono kuandika ubaoni, kitambaa kilipasuka chini ya kwapa. Si mshono uliofumuka, la. Ni kitambaa chenyewe kilichokatika, na kitambaa kikishachakaa hakishoniki. Darasa zima liliona. Mwalimu mkuu msaidizi, ambaye alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mwalimu hujulikana kwa vazi, hakusema kitu siku hiyo, na kimya chake kiliniuma kuliko kicheko cha wanafunzi.

Kama ningalilinyanyua shati lile kulielekea jua kabla ya kulipa, ningaligundua. Kitambaa kilichochoka hupitisha mwanga zaidi kwenye viwiko, mgongoni chini ya mabega, na kwapani. Umanjano wa kwapani nao ni dalili mbaya: jasho likichanganyika na dawa za kuzuia harufu huacha doa ambalo sabuni huliondoa kwa nadra. Suruali huchakaa kwanza kwenye mapaja kwa ndani, mahali ambapo mnunuzi huona haya kupachunguza mbele za watu. Usione haya.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ruiru na kuanza kufukua fagia. "Chagua, kastoma, hamsini hamsini!" mama mwenye turubai alikuwa akinadi. Nilipata shati la buluu hafifu, la pamba. Kola yake ilikuwa imelika pale ikunjikapo shingoni, na vifungo viwili havikuwapo. Nililielekeza juani: kiwiliwili kizima kilikuwa sawa, na kifungo kimoja cha akiba kilikuwa kimeshonwa ndani ya pindo. Mabega yalinikaa sawasawa, jambo ambalo mimi hulitazama kabla ya mengine yote, kwa sababu kupunguza ubavu au mkono ni kazi ndogo, lakini kurekebisha bega ni karibu kulishona shati upya.

Nilimpelekea fundi cherehani mzee, nikamwomba aigeuze kola. Ni ufundi wa zamani ambao wengi wetu hatuujui. Fundi hufumua mshono unaoishikilia kola kwenye ukanda wa shingo, huigeuza ili upande wa chini usiochakaa uje juu, kisha huishona tena mahali pale pale. Alinitoza shilingi 150, na kifungo kilichopungua nikakinunua kwa shilingi 10. Jumla yake ikawa shilingi 210, na shati hilo nimelivaa mihula minne.

Nisieleweke vibaya. Si kila kola hugeuzika. Ikiwa ukanda wa shingo wenyewe umekatika, fundi hana la kufanya. Na kola iliyo na vijifuko vya vijiti upande wa chini, ikigeuzwa, vijifuko hivyo hujitokeza juu. Aidha, sehemu kubwa ya fagia ni matambara kwelikweli, na saa mbili za kufukua zinaweza kuishia mikono mitupu. Mwanafunzi anayefanya kibarua jioni hana saa hizo mbili. Na wapo watakaoniambia kwamba msailiwa kazi hahukumiwi na fundi bali na jopo, na jopo halilielekezi shati juani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jopo haliioni lebo pia. Huona kola nzima, bega lililokaa na pasi, na hayo matatu hayauzwi pamoja na kamera.

Wanaoiona lebo ni sisi, vyumbani mwetu, tunapoazimana nguo na kukunja kola za wenzetu ili tusome. Kijana yule aliyechekwa, siku hizi namfahamu. Nilimwonyesha kwa fundi wangu. Mzee aliipapasa kola ile, akaitazama upande wa chini, akasema ingali na maisha mengine. Yangu haina. Imekwisha kugeuzwa mara moja, na upande huu nao umeanza kutoa nyuzi.